Niliamua kwenye mafungo nikiwa na faraja kubwa, sasa nimekauka kabisa. Nirudishe neno?

MamaDagaa_Kibirizi (mwanzisha uzi)
Jumapili, saa 3:10 usiku

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni.

Niko Kigoma, nafanya kazi mwaloni Kibirizi. Nanunua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika kwenye chanja zangu, wakikauka nasafirisha kwa treni kwenda Tabora na Dar. Hii kazi nimeifanya miaka kumi na mbili. Nina watoto wawili, baba yao alishafariki.

Dada yangu alifariki Kasulu mwaka jana, akaacha watoto watatu. Wa kwanza ni binti wa miaka 14, wa pili ana 9, wa mwisho 5. Wako kwa mama yetu, lakini mama sasa hata ndoo ya maji hawezi kuinua.

Wiki tatu zilizopita kulikuwa na mbalamwezi, mitumbwi haiendi ziwani, nikapata nafasi ya kwenda mafungo ya siku tatu ya kimya. Sijawahi kusikia uwepo wa Mungu kama siku zile. Nililia, lakini machozi matamu. Nikaamua nitawachukua wale watoto wote watatu, na nitauza chanja, mizani na nafasi yangu ya mwaloni, nihamie Kasulu, nilime na kumtumikia Bwana nikiwa karibu na mama. Mnunuzi nikampata usiku uleule, mwanamke mwenzangu wa mwaloni. Ameshanipa laki mbili ya kianzio kwenye milioni moja na laki nane, na Jumamosi anamalizia.

Sasa kila kitu kimezimika. Nikishika rozari naona nahesabu punje tu. Naamka saa tisa usiku moyo unanidunda, sauti ndani inasema: ulidanganyika, zile zilikuwa hisia, ghairi yote kabla hujaaibika. Je, Mungu ameondoka? Au ndiye ananiambia nisiende? Nirudishe neno lote?

---

Amani_Kwanza
Jumapili, saa 3:42 usiku

Pole na msiba, dada. Mimi jibu langu ni fupi. Wakolosai 3:15, "amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu." Ukiwa na amani, ni Mungu. Amani ikiondoka, si Mungu. Ulikuwa nayo, sasa huna, basi mlango umefungwa. Mrudishie mwenzio laki mbili zake, ukae na biashara yako.

---

Mtumishi_wa_Moto
Jumapili, saa 4:05 usiku

Mama, hapo umesema sauti ya ndani, na mimi nazijua roho. Kuamka saa tisa usiku moyo ukidunda si jambo la kawaida. Kuna kitu cha ukoo kinafuatilia tangu dada afariki. Tafuta watumishi wakeshe nawe, hiyo roho ikemewe na itoke. Usijadiliane nayo.

---

MamaDagaa_Kibirizi
Jumapili, saa 4:20 usiku

Asante mtumishi, maombi yako nayapokea kwa moyo wote. Ila sijisikii kama nimeingiliwa na kitu. Mchana nacheka na wateja, nakula, nafanya kazi yangu. Ni pale ninapotaka kusali ndipo nakuta ukuta.

---

Katekista_Mstaafu_Tbr
Jumatatu, saa 12:30 asubuhi

Mwanangu, marahaba. Mimi niko Tabora, nimesindikiza watu kwenye mafungo kwa miaka mingi, kwanza chini ya Mapadre Weupe, baadaye na mapadre wetu wenyewe. Nitakujibu taratibu, lakini kwanza mambo mawili ya haraka kwa sababu una Jumamosi mbele yako.

La kwanza: usighairi chochote leo kwa sababu ya ile sauti ya saa tisa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola ana kanuni juu ya hili, ni ya tano katika zile kanuni zake 14 za mwanzo za kupambanua roho. Wakati wa ukiwa, yaani ukavu wa moyo kama huu wako, usibadilishe kabisa. Simama imara katika yale uliyoyaamua siku iliyotangulia ukiwa huo, au uliyoyaamua wakati wa faraja. Sababu yake ni nyepesi. Katika faraja roho mwema ndiye anayetuongoza zaidi, katika ukiwa ni yule mbaya, na kwa mashauri yake huwezi kuipata njia.

La pili: nijibu swali hili kwa ukweli, usilipambe. Umetuandikia "nikaamua" kama kitu kimoja, lakini mimi nasikia vitu viwili, watoto na kuuza. Vilikuja saa moja? Nieleze kila kimoja kilikuja wapi, ukiwa unafanya nini, na baada yake moyo ulikaaje.

Ndugu Amani_Kwanza, kanuni yako ina nusu ya ukweli, na nitairudia. Naye mtumishi, roho tunazozipambanua hapa ni zile mvuto za ndani zinazompata kila Mkristo anayesali, hata asiye na shida yoyote ya kukemewa.

---

Fundi_Saa
Jumatatu, saa 2:15 asubuhi

Katekista umenigusa kidonda. Niliacha seminari mwaka wa pili, Machi, baada ya miezi miwili ya ukavu kama huu wa dada. Sikumwambia mlezi wangu hata siku moja. Nilipakia begi usiku, nikaaga asubuhi, nikapanda treni. Nakumbuka treni ilipoanza kutembea nilipata amani kubwa sana, nikasema hiyo ndiyo ishara. Amani ile ilidumu mpaka stesheni ya tatu.

Leo nina mke na watoto, nawapenda, sijutii hata mmoja wao. Lakini miaka kumi na moja imepita na bado sijui kama nilitoka kwa sababu Mungu alinitoa au kwa sababu nilichoka. Ningeweza kujua. Sikukaa kungoja nijue.

---

Amani_Kwanza
Jumatatu, saa 2:50 asubuhi

Sasa Fundi_Saa si ndiyo unanithibitisha? Ulipata amani ukaondoka, ukaoa, una furaha.

---

Fundi_Saa
Jumatatu, saa 3:01 asubuhi

Hapana kaka. Amani ile ilikuwa kama ya mtu aliyetua mzigo. Kutua mzigo kunapumzisha hata kama mzigo wenyewe ulipaswa kuubeba.

---

Nesi_Sikonge
Jumatatu, saa 7:20 mchana

Dada, naomba niulize kikazi. Hilo la kuamka saa tisa limeanza lini? Chakula kinapanda? Umepungua? Kuna siku unaona heri usiamke kabisa? Nauliza kwa sababu nimeona watu wanaambiwa "ni ukiwa wa kiroho, vumilia" kumbe wana sonona, na wengine ni majonzi ya msiba hayajalilika. Hayo yana msaada wake hospitali.

---

MamaDagaa_Kibirizi
Jumatatu, saa 2:40 usiku

Nesi, asante kwa kuuliza bila kunitisha. Nakula vizuri, sijapungua, na hilo la kutotaka kuamka sina. Kuamka usiku kumeanza kama wiki mbili hivi. Dada namlilia bado, siwezi kusema nimemaliza.

Katekista, nimekaa na swali lako siku nzima. Nikaona aibu kidogo, kwa sababu jibu lipo wazi na sikuwahi kuliona.

Watoto walikuja siku ya pili, kama saa tano asubuhi. Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe, nimesoma Marko 10, pale Yesu anapowakumbatia watoto wadogo. Sikuwa nawaza Kasulu kabisa. Nikamwona yule mdogo wa miaka 5 amekaa miguuni pa Yesu, na ikawa kama nimeshajua tangu zamani kwamba hao ni wangu. Sikuwa na haraka. Nilifikiria hata kwamba chumba hakitatosha, na wazo lile halikunitisha. Nilikaa pale mpaka kengele ya chakula.

Kuuza kulikuja siku ya tatu, ndani ya daladala. Usiku wa kuamkia siku ile, mafungo yakifungwa, dada mmoja alitoa ushuhuda jinsi alivyoacha vyote. Nikiwa njiani nikaanza kujiwazia na mimi nikisimama kwenye jumuiya nikitoa ushuhuda wangu. Nikapiga hesabu, chanja kiasi fulani, mizani kiasi fulani. Nilipofika Mwanga mwili ulikuwa wa moto, nikaona nisipopiga simu usiku ule nafasi itapotea. Kitu kingine: padre nilimweleza habari za watoto, za kuuza sikumwambia. Nilijisemea atanikatisha tamaa.

---

Katekista_Mstaafu_Tbr
Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Ahsante mwanangu. Hapo umeshafanya nusu ya kazi.

Nianze na Inyasi mwenyewe, maana kanuni hizi hakuzitoa kitabuni. Mwaka 1521 alivunjwa mguu na mzinga vitani Pamplona, akalala kitandani miezi mingi. Hakuwa na cha kusoma isipokuwa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Siku nyingine aliwaza kurudi kwenye ushujaa na kumpendeza bibi mmoja wa cheo, siku nyingine aliwaza kufuata nyayo za watakatifu. Mawazo yote mawili yalimfurahisha wakati anayawaza. Tofauti aliiona baadaye: yale ya kwanza yakimalizika yalimwacha mkavu na asiyeridhika, yale ya pili yalimwacha na furaha hata yakishapita. Hapo ndipo alipofumbuka macho. Wale Mapadre Weupe waliofika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwaka 1879 walikuwa wamefundwa kwa njia hiyo, kwa sababu mwanzilishi wao Lavijeri aliwaita Wajesuiti, shirika la Inyasi, wawalee wanovisi wake wa mwanzo. Ndivyo ilivyotufikia sisi huku.

Sasa kwako. Inyasi ana fungu la pili la kanuni, nane, kwa watu wanaomtafuta Mungu kweli, ambao adui hawezi kuwajia na dhambi ya wazi. Huja na wazo jema. Paulo anasema Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Kwa hiyo anatuambia tuangalie mwendo wote wa mawazo, mwanzo, katikati na mwisho. Vyote vitatu vikiwa vyema, ni roho mwema. Lakini wazo likianza vizuri kisha likaishia kwenye kitu kibaya, au kilicho pungufu kuliko kile ulichokusudia mwanzo, au kikakuvuruga na kukuondolea utulivu uliokuwa nao, hapo mkia wa nyoka umeonekana.

Wazo la watoto: mwanzo ni Neno, katikati ni upendo, mwisho ni utulivu uliokaa hata mbele ya chumba kisichotosha. Wazo la kuuza: mwanzo ni ushuhuda wa mwenzio, nao ni mzuri, katikati ni wewe umesimama mbele ya jumuiya, mwisho ni joto, haraka na siri. Siri hiyo niiangalie zaidi, kwa sababu Inyasi anamfananisha adui na mlaghai anayetongoza binti wa watu: kitu anachoogopa kuliko vyote ni binti kumweleza baba yake. Ulimficha padre jambo moja tu kati ya mawili, na wewe mwenyewe umetaja lipi.

Kuna na hili ambalo wengi hawalijui. Faraja yenyewe ikishapita, nafsi hubaki na joto lake, kama chungu kilichoepuliwa. Ndani ya joto hilo tunaanza kupanga mipango yetu wenyewe na kuiweka muhuri wa ile faraja. Inyasi anasema mipango ya wakati huo inahitaji kupimwa sana kabla ya kuiamini. Daladala yako ilikuwa ndani ya joto hilo.

---

MamaDagaa_Kibirizi
Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Chungu kilichoepuliwa. Ndiyo. Ndivyo kilivyokuwa.

---

Petro_wa_Urambo
Jumanne, saa 4:10 asubuhi

Katekista, kwa heshima yako, mimi sikubali kirahisi. Mama alisoma Marko 10, habari za watoto, mstari wa 13 hadi 16. Asogee mistari mitano tu, mstari wa 21, Yesu anamwambia yule tajiri: nenda, uza ulivyo navyo vyote. Sura ileile! Na yule tajiri alikwenda zake kwa huzuni, kama mama alivyo na huzuni sasa. Naogopa tunachukua sehemu inayotupa raha tunaiita ya Mungu, na inayouma tunaiita ya daladala.

---

Katekista_Mstaafu_Tbr
Jumanne, saa 7:45 mchana

Petro, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Siwezi nikiwa Tabora kusema kwamba Mungu hamwiti kuuza. Huenda anamwita. Ninachosema ni kwamba wito huo haujapambanuliwa bado, na kitu ambacho hakijapambanuliwa hakilindwi na ile kanuni ya tano. Uamuzi wa watoto unalindwa nayo, asighairi. Kuuza hakuna ulinzi huo, kwa hiyo ana haki ya kusimamisha akapime.

Kuhusu raha, watoto watatu wa marehemu si raha, ndugu yangu. Ugumu si kipimo upande wowote. Angalia pia kwamba yule tajiri aliambiwa auze awape maskini. Mama angeuza ale mwenyewe na watoto huko Kasulu mpaka fedha iishe.

---

Petro_wa_Urambo
Jumanne, saa 8:02 mchana

Hilo la mwisho nalikubali. Mengine bado nayafikiria.

---

Amani_Kwanza
Jumanne, saa 2:20 usiku

Nimefuatilia kimya. Katekista, ulisema utarudia kanuni yangu.

---

Katekista_Mstaafu_Tbr
Jumanne, saa 3:00 usiku

Kweli. Mtu anayetoka kosa moja kwenda jingine, roho mbaya humpa raha na utulivu ili abaki hapo hapo, na roho mwema ndiye anayemchoma dhamiri. Nimewahi kuketi na mwanaume aliyetaka kumwacha mkewe, akaniambia "nina amani kabisa, mzee." Alikuwa nayo kweli. Kwa hiyo uliza kwanza mtu anaelekea wapi, ndipo upime amani yake. Kwa anayesonga kumwendea Mungu, Inyasi anasema roho mwema huingia kama tone la maji kwenye sponji, na mbaya kama tone kwenye jiwe. Kwa anayekwenda kinyume, ni kinyume chake.

Tena faraja si lazima iwe furaha. Kulia kwa ajili ya dhambi zako au kwa mateso ya Bwana ni faraja. Mwanangu wa Kibirizi, machozi yako kwa dada yako, yakikupeleka kwa Mungu, usiyaite ukiwa. Ukiwa ni ule ukuta, ule uvivu wa kusali, ile hali ya kuona umetengwa na Muumba wako.

---

MamaDagaa_Kibirizi
Jumanne, saa 3:25 usiku

Sisi hapa sponji ni za kuoshea vyombo, lakini nimeelewa. Tone likidondoka ziwani husikii kitu. Likidondoka kwenye bati unashtuka. Wazo la watoto liliingia kama ziwani.

Sasa niambie, ukiwa huu umetoka wapi? Nimemkosea?

---

Katekista_Mstaafu_Tbr
Jumatano, saa 12:40 asubuhi

Inyasi anataja sababu tatu. Ama tumezembea sala, ama tunajaribiwa tuonekane tunamtumikia kwa kiasi gani bila malipo ya faraja, ama tunafundishwa kwamba faraja ni zawadi na si mali yetu. Tangu urudi mafungoni unasali saa ngapi?

---

MamaDagaa_Kibirizi
Jumatano, saa 5:15 asubuhi

Giza lilivyorudi mitumbwi ikaanza kutoka tena, nikawa mwaloni saa kumi na moja alfajiri. Masika haya unalazimika kukesha na mawingu, mvua ikikukuta hujaanua, dagaa wote wanageuka chakula cha kuku. Sala ya asubuhi niliiacha tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa nasema Mungu anaelewa.

---

Katekista_Mstaafu_Tbr
Jumatano, saa 6:30 mchana

Basi sababu ya kwanza ipo, hata kama za pili na tatu nazo zipo. Uamuzi usiubadilishe, jibadilishe wewe dhidi ya ukiwa. Tafuta robo saa wakati dagaa wako juani, keti palepale kwenye chanja. Ukiona robo saa haiishi, usikatize, ongeza dakika mbili au tatu. Hiyo nyongeza ndogo ndiyo inayomvunja nguvu adui, kwa sababu yeye alitaka uondoke mapema.

Jambo la kuuza lipime kwa akili iliyotulia, si usiku. Chukua karatasi. Upande mmoja andika faida na hatari za kuuza kwa ajili ya kumtumikia Mungu na kuwalea hao watoto, upande mwingine faida na hatari za kubaki. Halafu mfikirie mwanamke usiyemjua kabisa, mwenye watoto watano sasa, anakujia na swali hilohilo. Ungemshauri nini? Ukipata jibu, mpelekee Mungu katika sala, umwombe alipokee kama linampendeza. Na padre mwambie yote mawili.

Yule mwenzio wa mwaloni ni habari nyingine. Umepokea laki mbili zake. Hilo ni deni la haki, ukamweleze uso kwa uso kabla ya Jumamosi.

---

Nesi_Sikonge
Jumatano, saa 7:10 mchana

Na mimi naongeza: kuamka usiku kukiendelea, au chakula kikianza kukataa, nenda kituo cha afya. Katekista sidhani atapinga.

---

Katekista_Mstaafu_Tbr
Jumatano, saa 7:18 mchana

Sipingi hata kidogo. Kanuni hizi hazitibu ugonjwa.

---

Fundi_Saa
Jumatano, saa 4:40 usiku

Katekista, na mimi je? Niliyebadilisha katika ukiwa?

---

Katekista_Mstaafu_Tbr
Alhamisi, saa 12:50 asubuhi

Mwanangu, kuna uamuzi unaogeuzika na usiogeuzika. Ndoa haigeuziki. Ulivyoingia huenda hukuingia vizuri, lakini Inyasi anasema mtu wa namna hiyo ajute kwa kile kilichopotoka, kisha atafute kuishi vema ndani ya uamuzi wake. Swali la kama ulipaswa kubaki seminari sidhani utalijibu, na sioni kama Mungu anakudai jibu lake. Nipigie ukipata nafasi, namba nakutumia kwa faragha.

---

MamaDagaa_Kibirizi
Jumapili, saa 8:30 mchana

Narudi kuwapa taarifa.

Ijumaa nilikwenda kwa mwenzangu na laki mbili mkononi. Alinuna, ana haki, alishakopa sehemu ya fedha. Tumekubaliana nitampa majibu baada ya Pasaka, na laki mbili amezichukua. Uhusiano wetu haujarudi sawa.

Karatasi niliandika. Yule mwanamke nisiyemjua nilimwambia: dada, ukiuza chanja, ada ya yule wa miaka 14 utalipa na nini? Nilijibu haraka hivyo mpaka nikashtuka. Lakini upande wa mama kuwa peke yake Kasulu sijapata jibu, kwa hiyo Petro bado una nafasi yako hapo. Padre nimemweleza yote mawili, akauliza tu mbona hukuniambia siku ile.

Sala bado kavu. Robo saa na dakika tatu, kila siku, kwenye chanja. Jana nilitumia zote kufukuza kunguru.

Kuhusu watoto sijarudi nyuma. Mdogo anakuja leo kwa majaribio, dada yake anamsindikiza, uhamisho wa shule tutaushughulikia kesho. Basi la Kasulu linafika saa kumi. Nimepika ugali na migebuka, nafunga mlango, nakwenda stendi.